Kumjibu Mjerumani aliyelalamikia bahari ya Jambiani

Wenye nyumba ndogo za wageni pwani ya mashariki ya Unguja huniletea majibu yao kwa maoni ambayo wageni wameandika mtandaoni, niyatie Kijerumani. Nitaieleza kazi hiyo kwa jibu moja, la nyumba ya vyumba vichache pale Jambiani.

Mgeni alitoa nyota 2 na malalamiko matatu. Hita ya bafuni iliharibika, akangoja siku mbili. Maji ya bomba yalikuwa na chumvi. Na bahari, ambayo kwenye picha imefika ngazini, yeye kila akitoka asubuhi aliikuta imepwa, iko mbali kule karibu na mwamba.

Mwenye nyumba, bibi mtu mzima, alikuwa ameshaandika jibu lake. Lilianza kwa salamu ndefu na shukurani, likaomba radhi kwa usumbufu wote uliojitokeza, likasema bahari na mambo yote ni ya Mungu, likamaliza kwa dua na kumkaribisha tena Inshallah. Kwetu hilo ni jibu la mtu mwenye adabu. Mjerumani aliyengoja maji ya moto siku mbili analisoma akitafuta hita, na hita haimo.

Kwa hiyo kabla ya kutafsiri chochote nilimuuliza maswali. Mgeni alisema lini kuhusu hita? Fundi alikuja lini? Sasa kuna nini? Akanieleza kila kitu bila kuficha: fundi alikuwa mjini, na baada ya pale wamenunua hita ya akiba. Hayo ndiyo maneno ambayo msomaji wa Kijerumani anayahesabu kuwa adabu: lililotokea, la nani kosa, limefanywa nini.

“Mbona dua umeiondoa, mwanangu?”

“Dua yako njema, Mama. Lakini ikikaa karibu na hita, mgeni atafahamu kuwa tunasema hita iliharibika kwa kudra, si kwa sisi kuchelewa.”

“Basi hita iweke mwanzo.”

Tuliiweka mwanzo, kwa sababu ndilo kosa lake la kweli. Radhi iliombwa hapo tu. Ukiomba radhi kwa kila kitu, pamoja na bahari kupwa, ile ya hita inapoteza uzito. Na namna ya kuiomba ina mtego. Sisi husema “samahani kama tumekukosea”, na hilo “kama” ni unyenyekevu. Kijerumani chake, “Es tut uns leid, falls…”, humfanya mgeni aone kwamba hatumwamini. Mimi huandika “Es tut uns leid, dass…”, kisha kosa lenyewe kwa jina lake.

Bahari ilihitaji maelezo, tena mafupi. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kama dakika 50 kila siku, hivyo aliyekaa siku chache huenda akakuta asubuhi zake zote ni za maji kupwa. Wakati wa bamvua bahari huenda mbali zaidi. Lakini maelezo haya yakisimama peke yake yanageuka kumwambia mgeni kwamba angejua mwenyewe. Alichokuwa na haki nacho ni picha. Ilipigwa maji yamejaa, na hapakuandikwa neno lolote chini yake.

Jibu, likirudishwa kwa Kiswahili, lilikuwa hivi:

“Habari za mchana. Ahsante kwa kutuandikia. Tunasikitika kwamba ulikaa siku mbili bila maji ya moto. Tulichelewa kumleta fundi, na hilo ni kosa letu. Sasa tuna hita ya akiba. Maji ya bafuni yanatoka kisima kilicho karibu na bahari, ndiyo maana yana chumvi kidogo. Picha uliyoiona ilipigwa maji yakiwa yamejaa. Tumeongeza picha ya maji kupwa, na tumeandika kwamba kuogelea hapa kunategemea saa.”

Salamu ilikuwa “Guten Tag” tu, maana mgeni alitumia jina la kupanga na hatukujua kama ni bwana au bibi. Ndani nilimwita “Sie”, kwa S kubwa kila mahali. Ikiwa ndogo, sentensi inaweza kusomeka kama inawazungumzia watu wengine. Nilikataa kutaja namba ya chumba na tarehe zake, kwani wanaosoma ni watu wote. Punguzo la bei pia halikuingia: mitandao kama Google na Tripadvisor inakataza kumpa mtu kitu ili abadilishe maoni yake.

Mwisho nilimsomea mwenye nyumba kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Alisita kwenye “kosa letu”, akafikiri, akasema liache. Angesema hapana ningelibadilisha, maana jina chini ni lake. Kiswahili chake nilikihifadhi pamoja na Kijerumani. Mgeni mwingine akilalamikia maji kupwa tutaandika jibu jipya, kwa sababu majibu hupangwa moja chini ya jingine na yanayofanana huonekana mara moja.