Mchanga wa uwanja wa michezo: hesabu ya kina kinachobaki

Lori likishamwaga mchanga, shimo la uwanja hujaa hadi ukingoni na kila mtu huridhika. Ukirudi baada ya mvua kadhaa, utakuta umeshuka. Mchanga mpya hupungua karibu robo ya kina chake unapotulia, na mtoto huangukia kile kilichobaki.

Tuchukue jukwaa la kupanda lenye urefu wa mita 3, upana wa mita 2, na sakafu iliyo mita 1.2 juu ya ardhi. Kwa kimo hicho unahitaji sentimita 23 za mchanga uliokwisha kutulia, kwa hiyo mwaga sentimita 30. Mtoto haanguki wima kila mara, hivyo mchanga uenee mita 1.8 kila upande. Eneo linakuwa mita 6.6 kwa 5.6, yaani karibu mita 37 za mraba. Zidisha kwa 0.3, upate takriban mita 11 za ujazo. Aliyepigia hesabu ya sentimita 23 ataagiza 8.5, na mchanga ukitulia atabaki na sentimita 17 hivi. Bembea zina hesabu yake, kwa kuwa mbele na nyuma huhitaji nafasi ndefu zaidi.

Jukwaa likizidi kimo hicho, mimi singetegemea kina hiki cha mchanga. Vipande vya mbao vya kina hichohicho humlinda mtoto anayeanguka kutoka juu zaidi.

Mchanga hupunguza kishindo kwa sababu chembe zake husogea mtoto anapotua. Ndiyo maana mchanga wenye udongo haufai: ukilowa na kukauka, hushikana kama sakafu. Vumbi la kokoto nalo, lenye chembe za pembe kali, hujipanga na kukaza. Tia mchanga kwenye chupa ya maji, tikisa, kisha iache itulie. Ukiona tabaka nene la tope juu ya mchanga, rudisha mzigo. Ulio safi wenye chembe za mviringo ndio unaotakiwa, nao uwekwe juu ya kokoto za kupitisha maji, kukiwa na kitambaa cha kuchujia katikati ili visichanganyike.

Chini ya bembea na mwisho wa mtelezo miguu huchimba shimo kila siku. Nimewahi kuchomeka fimbo mahali kama hapo ikagonga ardhi ngumu kwa sentimita 8 tu, ilhali pembeni mchanga ulikuwa umejaa tele. Kwa hiyo pimeni palipochakaa, kisha rudisheni mchanga kwa reki. Pigeni mstari wa rangi kwenye nguzo kuonyesha usawa unaotakiwa. Mlinzi au mwalimu wa zamu akiona nguzo imeanza kujitokeza chini ya mstari, atajua ni wakati wa kuongeza.