Zamu ya kujifunza ni nini? Mfano wa kituo cha mafuta

Mtu akiajiriwa kuuza mafuta sheli, siku ya kwanza hapewi pampu. Msimamizi humwambia, "Leo utakaa na huyu," basi. Hiyo ndiyo zamu ya kujifunza: mgeni anamfuata mwenyeji tangu makabidhiano mpaka mahesabu, anatazama, na anapewa kazi chache za kufanya kwa mkono wake. Kinachoitofautisha na zamu ya kawaida ni karatasi ya mita. Pampu imeandikwa kwa jina la mwenyeji, na pesa ikipungua, mwenyeji ndiye anayeulizwa.

Ukishaelewa hilo, utaelewa kwa nini kazi fulani huitwa rahisi. Urahisi wake hautokani na kutumia nguvu kidogo. Kazi ni rahisi kama kosa lake linaonekana papo hapo na linarekebishika kabla halijawa hasara. Kupokea pesa kunaonekana kazi ya mtoto, lakini chenji iliyozidi ikiondoka na gari hairudi, kwa hiyo mgeni haanzii hapo. Kujaza tangi la bodaboda nako kunadanganya macho. Tangi ni dogo, mafuta hupanda ghafla, na yakifurika yanamwagikia injini iliyotoka barabarani ikiwa ya moto. Hiyo nayo isubiri.

Kazi ya kwanza huwa kusoma mita. Kila pampu ina hesabu mbili. Ile ya mbele, anayoiona mteja, hurudi sifuri kila mauzo mapya yanapoanza. Nyingine hairudi sifuri. Inajumlisha lita zote zilizowahi kupita. Wakati wa makabidhiano mgeni anaisoma hii ya pili kwa sauti, tarakimu moja moja, mwenyeji anaandika, na anayetoka zamu anasikiliza. Akisoma 8 mahali pa 6, kosa linanaswa hapohapo, kwa sababu namba ya kufungia ya anayetoka lazima iwe ndiyo ya kufungulia ya anayeingia.

Kazi ya pili ni kuuliza. Gari likifika, mgeni anamuuliza dereva aina ya mafuta na kiasi, kisha anarudia kwa sauti: "Dizeli ya elfu hamsini, bosi?" Namsisitizia kila mgeni asiache kurudia hivyo. Kwa kawaida mdomo wa bomba la petroli ni mwembamba kuliko wa dizeli, kwa hiyo unaingia bila shida kwenye tangi la gari la dizeli, na hakuna kitakachokushtua. Petroli haina ule ulainishaji ambao pampu ya injini ya dizeli inautegemea. Ikitokea petroli imeingia humo, dereva asiwashe gari, hata kulisogeza tu pembeni. Injini ikiwa bado imezimwa, tangi linaweza kutolewa mafuta na mambo yakaishia hapo. Akishajibiwa, mgeni anamwonyesha mteja sifuri, na mwenyeji ndiye anayemimina.

Kazi ya tatu ni daftari. Kila anayelipa kwa simu, mgeni anaandika saa na kiasi baada ya mwenyeji kuhakikisha pesa imeingia.

Sasa tazama jioni. Tuseme mita ilifunguliwa kwenye 184,320 na imefungwa kwenye 185,060. Zimeuzwa lita 740. Kwa bei ya shilingi 3,000, niliyoichagua ili hesabu iwe nyepesi, zinatakiwa 2,220,000. Mwenyeji alikwisha kupeleka ofisini 1,200,000 kwa mafungu, mkononi ana 410,000, na malipo ya simu kwa orodha yake ni 550,000. Jumla 2,160,000. Kuna shoti ya 60,000. Wanalichukua daftari la mgeni na kulilinganisha na orodha mstari kwa mstari. Malipo ya saa saba na dakika kumi, 60,000, yamo daftarini lakini kwenye orodha hayamo. Foleni ilikuwa ndefu, mwenyeji akasahau. Wanayatafuta kwenye simu ya kituo, wanayakuta, na hesabu inafunga. Mgeni aliyeona hivyo hatahitaji kuelezwa tena shoti inatoka wapi.

Zamu hii huharibika kwa njia moja ninayoijua vizuri. Foleni inakuwa kubwa, mfanyakazi mmoja hajafika, na mgeni anaambiwa, "Shika ile pampu ya pembeni kidogo." Hakuna aliyesoma mita yake kwa jina lake. Jioni pesa ikipungua, analaumiwa yeye. Kwangu mimi hilo si haki: shoti ya pampu ambayo hukuisaini ulipoifungua si yako. Msimamizi akilazimika kumpa mgeni pampu katikati ya zamu, asimamishe mauzo kwa dakika mbili, mita isomwe, namba iandikwe na wote wawili wasaini. Kuanzia hapo zamu ya kujifunza imekwisha, na mgeni aambiwe hivyo kabla hajashika bomba.