Kata fildi za Zotero kwenye nakala, si kwenye muswada wenyewe

Katika maktaba yetu hapa Arusha, msimu wa kuwasilisha miswada ukifika, tunapokea malalamiko yaleyale: jarida limerudisha kazi, au mwandishi mwenza aliyeko Moshi ameifungua na namba za marejeo zimevurugika. Karibu kila mara tunakuta fildi hazikukatwa, au zimekatwa mahali pasipostahili.

Rejea uliyoiweka kwa Zotero si maandishi ya kawaida. Unachokiona ni `[11]`, lakini nyuma yake kuna fildi, yaani msimbo uliobeba taarifa za makala nzima. Bonyeza `Alt+F9` ndani ya Word na utauona, ukianza hivi:

```
{ ADDIN ZOTERO_ITEM CSL_CITATION {"citationID": ...
```

Bonyeza tena `Alt+F9` na maandishi yatarudi kama yalivyokuwa. Msimbo huo ndio unaozipanga upya namba ukiongeza au ukifuta rejea. Mashine za wachapishaji, hata hivyo, hazina haja nao. Elsevier, kwa mfano, huwataka waandishi waiondoe misimbo hiyo kabla ya kuwasilisha. Ofisi ya uhariri ikikurudishia kazi kwa sababu hii, haijaukataa utafiti wako. Unarekebisha, unapakia faili upya, unathibitisha upya, na ukaguzi wa awali unaanza tena. Zinapotea siku ambazo hakuna aliyesoma hata aya moja ya matokeo yako.

Utaratibu tunaoutaka ni huu. Zima kwanza `Track Changes`. Hifadhi muswada, kisha tumia `Save As` kutengeneza nakala yenye jina linalojieleza, kama `muswada_bila_fildi.docx`. Ukiwa ndani ya nakala hiyo, fungua kichupo cha Zotero, bonyeza `Unlink Citations`, kubali onyo, halafu hifadhi. Rejea zote pamoja na orodha ya marejeo zinageuka maandishi matupu. Ukishahifadhi na kufunga faili, Zotero haiwezi kuzitambua tena, na hata sisi maktaba hatuna namna ya kuzirudisha. Anayetumia EndNote ana nafuu kidogo: `Convert to Plain Text`, iliyo chini ya `Convert Citations and Bibliography`, humfungulia nakala mpya na kuuacha muswada wa awali ulivyo.

Sasa nizungumzie njia ya mkato ambayo wanafunzi wanarithishana: `Ctrl+A`, halafu `Ctrl+Shift+F9`. Tafadhali iacheni. Amri hiyo haichagui fildi za Zotero peke yake. Inakata kila fildi iliyochaguliwa, zikiwemo yaliyomo, namba za majedwali na kila mahali ulipoelekeza msomaji kwenye “Jedwali la 3”. Na `Ctrl+A` ukiwa kwenye matini kuu haifiki kwenye tanbihi, kwa hiyo rejea zilizoko huko zinabaki hai. Mwanafunzi mmoja wa uzamili alituletea muswada wa namna hiyo. Alikuwa ameongeza jedwali jipya baada ya la pili. Kwa kuwa fildi zilishakufa, jedwali la zamani la tatu halikusogea kuwa la nne, na muswada ukawa na majedwali mawili yenye namba 3. Tulirekebisha kwa mkono, sentensi kwa sentensi, mchana kutwa.

Swali linaloulizwa zaidi ni kama mwandishi mwenza naye apelekewe nakala iliyokatwa. Inategemea atafanya nini. Kama atasoma na kutoa maoni tu, mpelekee hiyo. Kama ataandika, usimpelekee. Chukua muswada wenye rejea 38. Mwenzako anafuta aya iliyokuwa peke yake na rejea ya 11, kisha anaingiza chanzo kipya katikati na kukipa namba 39 kwa mkono. Katika nakala iliyokatwa, ya 11 inabaki kwenye orodha bila kutajwa popote, na 39 inatokea kabla ya 20. Kwenye faili lenye fildi hai, Zotero ingepanga namba zote yenyewe. Huyo mpelekee faili hai, naye awe na Zotero, na ikiwezekana ninyi wawili mtumie maktaba moja ya kikundi katika Zotero. Asilipitishe kwenye Google Docs kisha akalishusha tena kama faili la Word, maana viunganishi vya Zotero vinaweza kukatika njiani bila yeye kujua.

Kabla ya kutuma kwa jarida, fungua nakala, bonyeza `Alt+F9`, kisha tafuta neno `ADDIN` kwa `Ctrl+F`. Lisipopatikana, shuka kwenye tanbihi uzikague kwa macho moja baada ya nyingine. Halafu funga misimbo kwa `Alt+F9` na uhakikishe kwamba yaliyomo na namba za majedwali bado ni fildi: ukibofya juu yake, kivuli cha kijivu kinatokea. Muswada wenye fildi hai uhifadhi mpaka makala ichapishwe, kwa sababu wahakiki watakuomba uongeze vyanzo, na marekebisho hayo utayafanya humo.