Kuakisi, kuzungusha na kuhamisha umbo kwenye gridi: dhana potofu na ukweli

Nimesahihisha madaftari mengi ya hesabu za migeuzo, na makosa mengi niliyoyakuta yana mzizi mmoja. Mwanafunzi anakariri sheria ya alama, "geuza x iwe hasi" au "badilisha nafasi za x na y", kisha anaitumia hata pale isipohusika. Sheria hizo ni njia za mkato zinazofaa mahali pachache tu. Kinachotawala kila taswira ni umbali: nukta iko mbali kiasi gani na mstari wa kioo, au na kitovu cha mzunguko, na upande gani.

Tutatumia pembetatu moja mwanzo hadi mwisho. Chukua karatasi ya grafu uichore: A(2, 1), B(5, 1) na C(5, 3). Upande AB una vizio 3, BC una vizio 2, na pembemraba iko B. Nimechagua pembetatu yenye pande zisizolingana kwa makusudi, maana umbo lenye pande sawa huficha makosa.

Dhana potofu: Kuakisi kwenye mhimili wa x hubadilisha x.

Ukweli ni kinyume chake: x hubaki ilivyo, y ndiyo hubadilika alama. Kosa hili linatokana na jina. Mtu anasikia "mhimili wa x" na mkono unaenda kwenye x. Lakini mhimili wa x ni kioo kilicholala. Kioo kilicholala kinatenganisha juu na chini, hakina habari na kulia na kushoto. A iko kizio 1 juu ya kioo, kwa hiyo taswira yake iko kizio 1 chini ya kioo, palepale kwenye 2 ya x: A'(2, -1). Vivyo hivyo B'(5, -1) na C'(5, -3). Nukta iliyo kwenye kioo chenyewe, kama (7, 0), haiendi popote.

Dhana potofu: Kuakisi ni kubadilisha alama tu, na taswira lazima ikae yote upande wa pili wa kioo.

Hapa tukae kidogo, kwa kuwa ndipo sheria ya kukariri inapovunjika. Tuakisi pembetatu yetu kwenye mstari x = 3. Kwanza uchore mstari wenyewe. Wengi huulaza kwa sababu mhimili wa x umelala, lakini x = 3 ni mkusanyiko wa nukta zote ambazo x yake ni 3: (3, 0), (3, 1), (3, 2) na kuendelea. Ziunganishe, utaona mstari umesimama.

Sasa A(2, 1). Kutoka A hadi kioo ni kizio 1 kuelekea kulia. Vuka kioo, endelea kizio 1 kingine, umefika A'(4, 1). B(5, 1) iko vizio 2 kulia kwa kioo, basi B' iko vizio 2 kushoto kwake: B'(1, 1). C(5, 3) nayo inakwenda C'(1, 3). Aliyebadilisha alama atapata (-2, 1) kwa A. Apime: nukta hiyo iko vizio 5 kutoka kwenye kioo, ilhali A iko kizio 1 tu. Kioo hakifanyi hivyo.

Angalia pia kwamba kioo hiki kinapita katikati ya pembetatu, A ikiwa upande mmoja, B na C upande mwingine. Hakuna kosa lolote hapo. Kila nukta inavuka kwa umbali wake yenyewe, na umbo na taswira yake vinapandana kwa sehemu. Nimeona wanafunzi wakifuta jibu sahihi kwa sababu tu maumbo yamepandana.

Ukitaka kanuni, x mpya ni mara mbili ya 3 ukitoa x ya awali:

x' = 6 - x

Kioo kikiwa mhimili wa y, yaani x = 0, kanuni hiyo inakuwa x' = -x. Ndiyo ile sheria ya alama, na sasa unaona ilitoka wapi.

Kioo kilichoinama, y = x, kina mtego wake. Mtu anatoka A(2, 1) kwenda kushoto kizio 1 hadi kwenye kioo, nukta (1, 1), kisha anaendelea moja kwa moja kizio kingine na kuandika (0, 1). Si sahihi, kwa sababu njia ya nukta hadi taswira yake lazima ikate kioo kwa pembemraba, na mstari uliolala haukati y = x kwa pembemraba. Ukishafika kwenye kioo, geuka: ulikuwa unakwenda kushoto, sasa panda juu kwa vizio vilevile. Kutoka (1, 1) unapanda 1, unafika A'(1, 2). Kwa C(5, 3) unakwenda kushoto 2 hadi (3, 3), unapanda 2, C'(3, 5).

Dhana potofu: Kuzungusha nyuzi 90 ni kubadilisha (x, y) kuwa (-y, x), popote pale kitovu kilipo.

Sheria hiyo ni ya kweli kwa kitovu kimoja tu, nukta (0, 0), tena kwa mzunguko wa kinyume cha mwendo wa saa. Kwa makubaliano ya hisabati, pembe chanya huzunguka kinyume cha mwendo wa saa, hivyo nyuzi 90 bila maelezo mengine ni upande huo.

Tuseme kitovu ni P(1, 3). Kazi ina hatua tatu, na ya kwanza ndiyo inayorukwa.

Hatua ya kwanza, uliza: kutoka P hadi kwenye nukta yangu, naenda wapi? Kutoka P(1, 3) hadi A(2, 1) ni kulia 1, chini 2, yaani (1, -2). Hatua ya pili, zungusha safari hiyo, si nukta yenyewe: (1, -2) inakuwa (2, 1), maana kinyume cha -2 ni 2, na 1 inakwenda nafasi ya pili. Hatua ya tatu, anza tena kutoka P na utembee safari mpya: 1 + 2 = 3, na 3 + 1 = 4. A'(3, 4).

B(5, 1): safari kutoka P ni (4, -2), ikizungushwa ni (2, 4), taswira ni B'(3, 7). C(5, 3): safari ni (4, 0), ikizungushwa ni (0, 4), taswira ni C'(1, 7). Hakiki pande: kutoka A' hadi B' ni vizio 3, kutoka B' hadi C' ni vizio 2. Pembetatu haijavimba wala kusinyaa.

Anayeruka hatua ya kwanza huzungusha nukta yenyewe, kisha anaongeza P mwishoni. Anapata (0, 5), (0, 8) na (-2, 8). Jibu hili linadanganya vizuri sana, kwa kuwa pembetatu yake ina pande zilezile na imegeuka nyuzi 90 kama ilivyotakiwa. Iko mahali pasipo pake tu. Utaligunduaje? Pima umbali kutoka P. Kutoka P hadi C ni vizio 4. Kutoka P hadi (-2, 8) ni kipeuo cha pili cha 34, yaani karibu 5.8. Mzunguko haubadilishi umbali kutoka kwenye kitovu, basi jibu limekosewa.

Lakini usipime nukta moja ukaridhika. Kwa bahati, A ya awali na (0, 5) zote ziko umbali wa kipeuo cha pili cha 5 kutoka P, hivyo kipimo cha umbali kingepitisha kosa. Chora mstari kutoka P hadi A, na mwingine kutoka P hadi (0, 5): inatokea mistari miwili inayotazamana, pembe ya nyuzi 180 badala ya 90. Kwa hiyo pima umbali, kisha pima na pembe. Ukiwa na karatasi nyembamba inayoonyesha, nakili pembetatu, bana karatasi kwa ncha ya penseli pale P, izungushe robo duara, uone vipeo vinatua wapi.

Dhana potofu: Taswira ikigeuka tu, ni mzunguko.

Soma herufi kwa mpangilio. Katika pembetatu yetu, kutoka A kwenda B kwenda C unazunguka kinyume cha mwendo wa saa. Kwenye taswira ya mzunguko, A', B', C' bado zinakwenda kinyume cha saa. Kwenye taswira yoyote ya kioo hapo juu zinakwenda na saa. Hata ukiizungusha ile ya kioo siku nzima, haitarudi kulalia ya awali bila kuiinua kwenye karatasi na kuipindua.

Dhana potofu: Kuhamisha vizio 5 ni kuacha nafasi ya vizio 5 kati ya maumbo.

Umbali huhesabiwa kutoka kipeo hadi taswira ya kipeo hichohicho. Ukihamisha pembetatu yetu vizio 5 kulia, A(2, 1) inakwenda A'(7, 1). Ukingo wa kulia wa umbo la awali uko kwenye 5, kwa hiyo nafasi iliyo wazi ni vizio 2 tu. Aliyeacha nafasi ya 5 amehamisha vizio 8, kwani ameongeza na upana wa umbo.

Dhana potofu: Migeuzo miwili inaweza kufanywa kwa mpangilio wowote.

Akisi A(2, 1) kwenye mhimili wa y, kisha akisi jibu kwenye x = 3. Mara ya kwanza inakwenda (-2, 1). Nukta hiyo iko vizio 5 kushoto kwa kioo cha pili, basi inatua (8, 1). Sasa anza na x = 3: inakwenda (4, 1), na mhimili wa y unaitupa hadi (-4, 1). Mara moja A imesogea vizio 6 kulia, mara nyingine vizio 6 kushoto. Jaribu na B na C, utapata 6 ileile. Vioo viwili sambamba vimezaa uhamisho, wenye urefu mara mbili ya umbali kati yao, na upande wake unaamuliwa na kioo ulichoanza nacho.