Mtu wa kati hanyonyi, na maduka mengi si mauzo mengi: dhana potofu kuhusu usambazaji

Nasaga karanga na kuuza siagi yake hapa Dodoma. Kila tunapokutana wasindikaji, nasikia maneno yaleyale kuhusu namna ya kufikisha mzigo kwa mlaji, na mengine niliyaamini mwenyewe mpaka yakanila mtaji. Nitayapima kwa kopo moja la gramu 400. Bei ni za mfano, nimezirahisisha ili hesabu ifuatike: kulitengeneza kunagharimu shilingi 3,500 na mlaji analinunua kwa 6,000.

Dhana: Ukimwondoa mtu wa kati, faida yake inabaki kwako

Hesabu ya haraka inavutia. Mwenye duka la jumla ananunua kwangu kwa 4,600, anamuuzia mwenye duka la rejareja kwa 5,100, naye anauza kwa 6,000. Mimi nabaki na 1,100. Nikimpelekea mlaji mwenyewe, nabaki na 2,500. Inaonekana wale wawili wamekaa tu na kuchukua 1,400 yangu.

Sasa tuiingize kazi wanayoifanya. Nikiuza kwa simu na kupeleka nyumbani, mtu mmoja mwenye bodaboda anamaliza makopo 25 kwa siku, na siku ikiwa nzuri. Bodaboda ni 15,000, posho ya muuzaji 12,000, simu na bando 2,000. Makopo 25 yanaleta 62,500. Toa 29,000, zinabaki 33,500, yaani 1,340 kwa kopo. Zile 2,500 zimeshapungua karibu nusu, na nimeuza katoni moja na kopo moja tu kwa siku nzima.

Tujaribu kumruka wa jumla peke yake. Nakodi kirikuu, nazunguka maduka 40, kila duka linachukua makopo matatu kwa 5,100. Ni makopo 120, yenye faida ya 192,000. Gari na mtu wa kushusha vinakula 75,000. Kwa kopo inabaki 975.

Na kwa wa jumla? Napeleka katoni 10 zenye makopo 240 kwa safari moja ya 30,000. Faida ni 264,000, toa usafiri, gawanya: 975 kwa kopo. Ni sawasawa na kuzunguka maduka 40, ila hapa nimemaliza kabla ya saa nne asubuhi na fedha iko mkononi, wakati kule mtaani robo ya maduka wameniambia "acha mali kauli, tutakulipa ikiuzika".

Zile 500 za wa jumla, kwa hiyo, ni gharama ya kuzunguka, kukopesha, kuhifadhi na kufuatilia madeni. Kazi hizo hazifutiki mtu huyo akiondoka, zinamhamia mzalishaji. Naye anazifanya kwa nafuu kwa sababu moja: mwenye duka akija kwake kuchukua sukari, sabuni na mafuta ya kupikia, anabeba na katoni yangu katika toroli lilelile. Mimi nikienda dukani naenda na siagi ya karanga peke yake, na siagi hiyo ndiyo inayolipia gari lote.

Hata kampuni zenye uwezo wa kununua malori zimepiga hesabu hii. Mwaka 1999 Coca-Cola ilianza kujaribu Addis Ababa mfumo wa wasambazaji wadogo wa mitaa wanaopeleka soda kwa mikokoteni, kisha mfumo huo ukaenea Afrika Mashariki. Duka dogo halina stoo wala fedha ya kuweka kreti nyingi. Linahitaji kreti chache mara nyingi, tena kwenye vichochoro ambako lori halipiti.

Kuuza moja kwa moja kunalipa pale mnunuzi mmoja anapochukua mzigo wa maana kwa mkupuo. Mimi nauzia shule za bweni ndoo za lita 20, na pale sipiti kwa mtu yeyote: simu moja, safari moja, malipo mwisho wa mwezi. Kunalipa pia kwa bidhaa ambayo mnunuzi hawezi kuichukua bila kuelezwa na mtu anayeijua.

Dhana: Kadiri maduka yanavyokuwa mengi, ndivyo mauzo yanavyopanda

Hii ndiyo iliyoniumiza. Nilisambaza makopo katika maduka 70, sita kila moja. Kwenye daftari ilionekana nimeuza makopo 420. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimehamisha makopo 420 kutoka stoo yangu kwenda kwenye rafu za watu, kwa mali kauli, yakiwa na 1,470,000 za mtaji wangu ndani. Nilikuwa nahesabu mzigo uliotoka kwangu. Nilipaswa kuhesabu uliotoka mikononi mwa mwenye duka.

Nilipoanza kupita kila Jumamosi na kuhesabu makopo yaliyobaki, picha ikabadilika. Maduka kama ishirini hivi yalikuwa yanamaliza sita zao kabla ya mwezi. Mengine mengi yaliuza moja, au hata hilo moja hapana. Na kopo lisilouzika haliko salama. Siagi isiyo na kidhibiti mafuta hutengana na mafuta yakaelea juu, na hilo ni jambo la kawaida, lakini mteja akiliona kopo limekaa miezi miwili kwenye rafu inayopigwa na jua, anajua moja tu: limeharibika. Anamwambia na jirani yake.

Hapo ndipo tofauti ya aina tatu za usambazaji inapoanza kuwa na maana. Kuna usambazaji mpana, ambao unataka bidhaa iwe kila duka. Kuna wa kuchagua, ambao unataka maduka machache yanayofaa. Na kuna wa kipekee, ambao unampa muuzaji mmoja eneo zima. Swali ninalotumia kuamua ni hili: mteja akiikosa hapo dukani, atafanya nini?

Akikosa aina fulani ya soda, kiberiti au sabuni ya kufulia, anachukua nyingine iliyopo na kuondoka. Bidhaa ya namna hiyo isipokuwepo kila mahali, mauzo yanakwenda kwa mshindani dakika ileile. Hiyo ni ya usambazaji mpana. Akikosa kopo la 6,000, hata hivyo, wengi huahirisha au hupita duka la pili wanakojua lipo. Hiyo inaelekea kwenye kuchagua. Na akihitaji trekta, atasafiri hadi mkoa wa pili. Hiyo inafaa usambazaji wa kipekee.

Nilipunguza nikabaki na maduka 22. Niliyachagua kwa ishara nilizoziona mwenyewe: yanauza mkate, asali na maziwa, maana anayenunua hivyo ndiye anayepaka siagi ya karanga, rafu haiko juani, mwenyewe analipa. Niliepuka maduka mawili yanayotazamana. Nilishawahi kufanya hivyo, mmoja akashusha bei hadi 5,700, mwenzake akashuka hadi 5,500, na baada ya wiki mbili wote wawili walikataa kuchukua tena kwa sababu faida ilikuwa imepungua mno.

Kuna sababu nyingine ambayo wasindikaji wa karanga hatuna ruhusa ya kuipuuza: sumukuvu. Karanga zisizokaushwa vizuri huota ukungu unaotoa sumu hiyo, na haiondoki yote kwa kukaangwa. Kundi moja la makopo likigundulika na tatizo, ni lazima nilirudishe lote. Kwa maduka 22 na namba ya kundi kwenye lebo, naifanya kazi hiyo kwa siku mbili. Kwa maduka mia tatu nisiyoyajua majina, makopo hayo yataliwa.

Dhana: Ukiingia supamaketi kubwa, umefika

Supamaketi ina heshima yake, lakini hulipa baada ya siku 30, 60 na wakati mwingine zaidi, hurudisha kisichouzwa, na hutaka bidhaa mpya kila rafu inapopungua. Mzalishaji mdogo anakuwa benki ya duka kubwa. Nakumatt ilikuwa na matawi Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Ilipowekwa chini ya msimamizi mwaka 2018, na wadai wakapiga kura ya kuifunga Januari 2020, waliokuwa wakiiletea bidhaa walikuwa wanadai mabilioni ya shilingi za Kenya. Ningeingia, ila kwa kiasi ambacho kikipotea kiwanda hakifungi.

Dhana: Usambazaji wa kipekee ni wa saa za dhahabu na magari ya kifahari

Anasa ni sehemu ndogo ya habari hii. Fikiria muuzaji wa matrekta wilayani. Ili auze, lazima aajiri fundi, aweke vipuri stoo, aende shambani kuonyesha trekta linavyolima. Sasa jirani yake akiruhusiwa kuuza trekta lilelile bila fundi wala vipuri, mkulima atakwenda kuelezwa kwa wa kwanza, kisha atanunua kwa wa pili aliye nafuu. Wa kwanza atamfukuza fundi, na baada ya msimu mmoja trekta hilo halina mtu wa kulitengeneza. Upekee ndio unaomfanya muuzaji akubali kuingia gharama hizo.

Mfanyabiashara wa jumla wa Mbeya aliniomba awe peke yake mjini kwake. Alikuwa tayari kulipia tangazo la redio na kuweka msichana wa kuonjesha watu siku za gulio. Ombi lake lilikuwa la haki: bila upekee, tangazo lake lingewauzia wengine. Lakini upekee bila masharti ni hatari, kwa sababu akilala, mji wote umelala. Tukaandikiana: eneo ni Mbeya mjini tu, muda ni miezi sita, kiwango cha chini ni katoni 10 kwa mwezi, akishindwa miezi miwili mfululizo niko huru kumpa mwingine. Shule nikabaki nazo mimi, na hilo tuliliandika siku ya kwanza, maana kulisema baadaye kungekuwa ugomvi.

Dhana: Bidhaa moja, njia moja

Siagi ileile, kutoka mashine ileile, inaweza kuhitaji njia tatu. Ndoo inakwenda shuleni moja kwa moja. Kopo linakaa kwenye maduka ya kuchagua. Na sasa najaribu kifuko cha gramu 30 cha shilingi 500, ambacho mtoto ananunua asubuhi pamoja na mkate. Hiki mteja akikikosa hatakitafuta, atanunua andazi. Kwa hiyo kinatakiwa kiwe kila duka na kila genge, na hapo sithubutu kuzunguka mwenyewe hata siku moja. Kinapita kwa wa jumla, katika boksi la vifuko 50 ambalo mwenye genge anaweza kulilipa taslimu, na Jumamosi bado napita na daftari langu kuhesabu vilivyobaki.