Ugonjwa wa Huntington: mwili huanza kwa kucheza, kisha hukakamaa

Baba alianza kurusharusha vidole na mabega akiwa na miaka 47. Kaka yangu ameanza na 33. Mbona kwake umewahi?

Chanzo ni jeni moja, HTT, iliyoko kwenye kromosomu ya 4. Ndani yake herufi tatu, CAG, hujirudia mfululizo. Kwa watu wengi hazizidi marudio 26. Mwenye 36 hadi 39 huenda akaugua au akasalimika, lakini kuanzia 40 ugonjwa humfikia akijaliwa umri wa kawaida.

Marudio yakizidi, ugonjwa huwahi. Na mbegu za kiume zinapotengenezwa, herufi hizo huweza kuongezeka. Tuseme baba yako anayo 43, na mbegu iliyomzaa kaka yako ilibeba 48: hayo matano yanatosha kuupunguza umri wa kuanza kwa miaka mingi. Yakipita 60, mara nyingi anayeugua ni mtoto au kijana, na kwa kawaida amerithi kwa baba. Hata hivyo idadi haitaji mwaka. Wawili wenye marudio sawa huweza kupishana miaka kadhaa.

Zamani baba hakutulia hata akikaa. Sasa amekakamaa kama gogo. Ni ugonjwa uleule?

Ndiyo, na haujabadilika. Zimebadilika seli zinazokufa. Katikati ya ubongo kuna striatamu, na nyingi ya seli zake zina matawi yenye miiba midogo. Hizo ndizo hufa, huku seli jirani zisizo na miiba zikibaki, ingawa zote zina jeni ileile. Kifo huanzia kwenye mkia wa kaudeti, sehemu ya striatamu iliyopinda. Kwa hiyo kwenye picha ya MRI kaudeti, iliyopaswa kutuna kuelekea tundu la maji lililo kando yake, huonekana bapa na tundu limepanuka.

Zinazotangulia kufa ni seli za breki, zinazozuia miondoko isiyotakiwa. Breki ikikatika, mwili hucheza wenyewe. Mwambie mgonjwa atoe ulimi na aushikilie nje: hurudi ndani bila yeye kutaka. Akikushika mkono, utahisi vidole vyake vikikaza na kulegea kama anayekamua ng'ombe. Inauma kusikia majirani wakimwita mlevi. Baadaye hufa na seli zinazoruhusu mwendo, ndipo viungo hukaza. Hapo dawa ya tetrabenazini iliyokuwa ikituliza kurukaruka huweza kumzidishia ukakamavu, hivyo mwombeni daktari aipitie upya dozi.

Nina miaka 26, sina dalili. Nipime?

Kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi jeni hiyo, wa kike kwa wa kiume, na kuugua kwa kaka yako hakukupunguzii wala kukuongezea. Kipimo ni cha damu na huhesabu marudio. Kwa kuwa bado hakuna dawa iliyothibitishwa kuzuia seli zisife, ningekushauri uonane kwanza na mshauri wa jenetiki, ukiwa na mtu unayemwamini. Jibu likisharudi halifutiki. Ukikutwa hukuirithi jeni hiyo, wanao hawawezi kuirithi kwako.