Umiliki wa Wafanyakazi Katika Kampuni: Maana Yake na Jinsi ya Kuuthibitisha

Kampuni inaposema kwamba wafanyakazi wake ni wamiliki, kauli hiyo inaweza kuwa na maana tatu zilizo mbali kabisa. Huenda mfanyakazi ana hisa zilizoandikwa kwa jina lake mwenyewe. Huenda hisa zimeandikwa kwa jina la wadhamini wanaozishika kwa niaba yake, chini ya hati ya udhamini inayosema ni nani atanufaika na kwa masharti gani. Au huenda ameahidiwa tu haki ya kununua hisa siku za usoni kwa bei iliyopangwa leo, na haki hiyo, hata ikiwa na thamani kubwa, bado si umiliki. Anayetaka kujua ukweli hana budi kwanza kuzitenganisha hizi tatu, kwa sababu kila moja huacha alama zake mahali tofauti.

Nitatumia Kenya kama mfano, kwa kuwa huko nyaraka zinazohitajika zinapatikana kwa njia inayojulikana. Hatua ya kwanza kwa kampuni isiyouza hisa sokoni ni kuomba CR12, yaani taarifa rasmi ya Huduma ya Usajili wa Biashara inayoombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ambayo huonyesha wakurugenzi, wanahisa na idadi ya hisa za kila mmoja. Mpango wa hisa za wafanyakazi ukiwa na hisa zilizosajiliwa, utaonekana hapo kama mwanahisa mmoja tu: jina la wadhamini, au la kampuni iliyoundwa kazi yake ikiwa ni kuzishika hisa hizo. Majina ya wafanyakazi wenyewe hayatakuwapo, na kukosekana kwake kusichukuliwe kuwa dalili ya udanganyifu. Ndivyo udhamini unavyofanya kazi: daftari la wanahisa humtaja anayezishika hisa, na hati ya udhamini ndiyo inayomtaja anayefaidika nazo.

Wengi hudhani kwamba pengo hilo litazibwa na daftari la wamiliki wanufaika, ambalo Kenya ilianza kulitumia kwa njia ya kielektroniki Oktoba 2020. Kwa suala letu, daftari hilo husaidia kidogo. Kiwango cha mtu kuandikwa humo ni kuanzia asilimia 10 ya hisa au kura, au uwezo mwingine wa kuidhibiti kampuni. Mpango wenye asilimia 4 uliogawanywa kwa wafanyakazi mia mbili haumfikishi yeyote kati yao karibu na kiwango hicho. Isitoshe, taarifa zake hazijafunguliwa kwa umma kama ilivyo CR12.

Kwa kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, njia ni nyingine, na kwa maoni yangu ni rahisi zaidi. Taarifa ya mwaka huwa na orodha ya wanahisa kumi wakubwa. Ipakue, kisha utafute ndani yake maneno "Employee Share Ownership", "ESOP" na "Trust". Baada ya hapo, linganisha ulichokipata na kumbukumbu za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, kwa kuwa mpango wa aina hii huhesabiwa miongoni mwa mifuko ya uwekezaji wa pamoja inayohitaji kibali chake. Kumbuka pia kwamba jina lenye neno "Nominees" ni la mshika hisa kwa niaba ya wengine, mara nyingi benki, na huwezi kujua kwa kulitazama tu kama nyuma yake kuna wafanyakazi au mfuko wa ng'ambo.

Kenya Airways inaonyesha vizuri jinsi ya kusoma orodha kama hiyo. Baada ya madeni yake kupangwa upya mwaka 2017, Serikali ya Kenya ilibaki na asilimia 48.9, kampuni iitwayo KQ Lenders Company 2017 Limited ikapata asilimia 38.1, KLM ikawa na asilimia 7.8, na mpango wa hisa wa wafanyakazi takriban asilimia 2.4. Hapo kuna vyombo viwili vinavyoshika hisa kwa niaba ya watu wengine, lakini ni kimoja tu kinachowahusu wafanyakazi. Hicho kingine ni cha mabenki ya Kenya ambayo madeni yao yaligeuzwa kuwa hisa. Kwa hiyo, kukuta chombo cha namna hiyo kwenye orodha hakutoshi, mpaka ujue kiliundwa kwa ajili ya nani.

Tuseme sasa umelipata jina na umehakikisha kuwa ni la wafanyakazi. Bado hujajua wanamiliki kiasi gani, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Chukua kampuni ya kubuni yenye hisa 10,000,000, ambayo wadhamini wake wanashika hisa 400,000. Orodha itaonyesha asilimia 4, na msemaji wa kampuni atasema asilimia 4. Ukifungua maelezo ya hesabu unakuta kwamba hisa 150,000 hazijagawiwa mtu yeyote, bali zimewekwa akiba kwa waajiriwa wa baadaye. Hisa 250,000 zilizobaki zimetengewa wafanyakazi kwa majina, lakini 150,000 kati yake zinasubiri kukomaa, yaani mfanyakazi akiacha kazi kabla ya miaka mitatu kutimia atazipoteza na zitarudi kwenye mfuko. Zilizokomaa ni 100,000. Ambacho wafanyakazi wanaweza kukidai leo kama mali yao, bila sharti la kuendelea kuajiriwa, ni asilimia 1.

Maelezo haya hupatikana ndani ya hesabu zilizokaguliwa, kwenye sehemu ya malipo kwa hisa inayoandaliwa kwa kufuata kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IFRS 2. Humo huonyeshwa haki za kununua hisa zilizotolewa katika mwaka, zilizopotea, zilizotumika na zilizobaki. Ukikuta kwamba malipo yote hufanywa kwa fedha taslimu kulingana na bei ya hisa, basi hakuna hisa inayotolewa kamwe. Hiyo ni bonasi inayopimwa kwa bei ya hisa, na ni haki kuiita hivyo. Vilevile, mfuko wa pensheni wa wafanyakazi unaweza kushika hisa za mwajiri, lakini hizo ni uwekezaji wa mfuko kwa ajili ya kulipa mafao, si mpango wa umiliki.

Aliye ndani ya kampuni ana njia fupi zaidi: aombe hati ya udhamini na kanuni za mpango, pamoja na taarifa ya akaunti yake. Katika kanuni hizo atafute mambo mawili. La kwanza ni kama hisa hatimaye humfikia yeye binafsi. Nchini Uingereza, kampuni ya John Lewis imekuwa chini ya udhamini tangu mwaka 1929 kwa manufaa ya wote wanaofanya kazi humo, lakini hakuna hata mmoja wao mwenye hisa ya kuuza. Anayeondoka huacha umiliki ule ule kwa wanaobaki. Umiliki wa namna hiyo ni wa kweli, ila ni wa pamoja.

La pili ni kura. Wadhamini wakiwa ndio wanaopiga kura zote za hisa za mpango, na wadhamini hao wakiteuliwa na bodi, basi hisa za wafanyakazi huwapa gawio pasipo sauti katika mkutano mkuu. Baadhi ya hati humruhusu mfanyakazi kuwaelekeza wadhamini wapigeje kura kwa hisa zake zilizokomaa. Nyingine hazisemi lolote, na hapo uamuzi hubaki mikononi mwa wadhamini. Kifungu hicho huwa kifupi na aghalabu huwekwa mwishoni mwa hati, pamoja na vifungu vya mamlaka ya wadhamini.